Boksi 213 za Glavu Ambazo Hazikupotea

Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Tanzania, na stoo za umma nazo hufunga milango ili mali ihesabiwe. Watu huingia wawili wawili, mmoja akihesabu na mwenzake akiandika. Jioni hutoka na rundo la karatasi zenye vumbi, namba zilizokatwa na maneno mafupi yaliyobanwa pembeni. Kisha karani mmoja hukabidhiwa rundo lote na kuambiwa amwandalie msimamizi wa stoo ukurasa mmoja au miwili: nini kipo, nini kimepungua, nini kimezidi, na waliohojiwa wametoa sababu gani.

Wengi huichukulia kazi hiyo kuwa ya kunakili, na kwa kuichukulia hivyo stoo nyingi hujikuta zinamsaka mwizi ambaye hayupo huku aliyepo akiendelea na shughuli zake. Karatasi ya kuhesabia ina mambo matatu yaliyoandikwa kwa kalamu ile ile, yakakaa jirani kana kwamba yana uzito sawa. Kuna alichokiona mhesabuji kwa macho yake. Kuna alichokokotoa kutokana na alichokiona. Halafu kuna alichoambiwa na mtunza stoo alipouliza mbona namba hazilingani. Karani anayejua kazi yake huyatenganisha matatu haya kabla hajaandika mstari wa kwanza wa muhtasari.

Tuchukue stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Hospitali hii nimeitunga kwa ajili ya makala, lakini yaliyomo kwenye karatasi zake aliyewahi kushika leja atayatambua mara moja. Karatasi ina safu za kawaida: jina la bidhaa, kipimo, salio la leja, hesabu ya kwanza, hesabu ya pili, tofauti na maelezo. Bidhaa ni nyingi; sisi tutazame sita.

Tuanze na glavu. Leja inasema kuna boksi 240. Kwenye safu ya hesabu kumeandikwa “27”, na kwenye safu ya tofauti “-213”. Karani akinakili hivyo hivyo, msimamizi atapokea habari kwamba karibu shehena nzima ya glavu imeyeyuka. Lakini ukingoni mwa karatasi, kwa maandishi madogo ya penseli, kuna “k 21, b 6”.

“Kaka, hii 27 imetoka wapi?” karani anamuuliza mhesabuji.

“Si katoni ishirini na moja na boksi sita, dada? Jumla ishirini na saba.”

Katoni moja ya glavu hizi ina boksi 10, na kila boksi lina glavu 100. Katoni 21 ni boksi 210. Ongeza boksi 6 zilizokuwa nje ya katoni, unapata 216. Upungufu ni boksi 24. Hizo nyingine 189 zilipotelea kwenye kujumlisha tu, maana mhesabuji alijumlisha katoni na boksi kana kwamba ni kitu kimoja.

Kosa hili ni la kawaida katika karatasi za kuhesabia, na lina dalili zake. Ukiona tofauti kubwa mno kwenye bidhaa inayokuja kwa katoni, kabla hujamuuliza mtu yeyote gawanya salio la leja kwa idadi iliyomo ndani ya katoni. Hapa 240 ukigawa kwa 10 unapata 24, namba iliyo jirani kabisa na ile 27. Namba za leja na za hesabu zikikaribiana baada ya kugawanya au kuzidisha hivyo, shuku kipimo kwanza. Dawa za vidonge nazo zina mtego huo huo: mmoja anahesabu kopo, mwingine anahesabu vidonge, na kopo lina vidonge 1,000.

Tiba yake ni kumnyima mhesabuji kazi ya kukokotoa. Yeye aandike alichokiona tu, katoni ngapi na boksi ngapi, na hesabu ifanywe sehemu moja kwa kanuni moja. Karani anayetumia jedwali la kompyuta akiweka salio la leja kwenye safu B, katoni kwenye C, idadi iliyomo ndani ya katoni kwenye D, na boksi zilizo nje ya katoni kwenye E, basi tofauti hupatikana hivi:

```
=(C2*D2)+E2-B2
```

Jibu la glavu ni -24. Alama ya kutoa hapa ina maana ya upungufu, kwa sababu tumeanza na kilichohesabiwa tukatoa cha leja. Inafaa kuliandika jambo hilo juu ya ukurasa, kwani wapo wahesabuji wanaoanza na leja, na kwao namba isiyo na alama ndiyo upungufu. Katika rundo moja la karatasi utakuta jozi mbili zimetumia desturi mbili zinazopingana. Ndiyo maana tofauti iliyoandikwa na mhesabuji hainakiliwi kamwe. Hukokotolewa upya, kisha hulinganishwa na ya kwake. Zikigongana, mgongano wenyewe unaandikwa kwenye muhtasari, ili msimamizi akikutana na ile -213 kwenye karatasi asidhani imefichwa.

Madhara ya 27 yangefika mbali kuliko stoo. Hospitali hukadiria matumizi yake kwa kuchukua salio la mwanzo, kuongeza kilichopokelewa na kutoa salio la mwisho. Salio la mwisho likisomeka 27 badala ya 216, matumizi yanavimba kwa boksi 189 ambazo hakuna muuguzi aliyezivaa, na oda inayofuata kwenda Bohari ya Dawa inaandikwa kwa matumizi hayo.

Bidhaa ya pili ni oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Leja: ampuli 400. Safu ya hesabu: hakuna kitu. Kisanduku ni cheupe. Kwenye maelezo kuna neno moja, “friji”.

Nafasi tupu na sifuri ni vitu viwili mbali kabisa. Sifuri ni taarifa: mtu amefika, ametazama, hakukuta kitu. Nafasi tupu ni ukosefu wa taarifa. Jedwali la kompyuta halijui tofauti hiyo; ukiacha kisanduku kitupu, kanuni itakihesabu kuwa sifuri na kukutolea upungufu wa ampuli 400 bila hata kusita. Kwa hiyo karani huandika “haikuhesabiwa” kwa maneno, akasimamisha mstari huo hadi apate jibu. Deshi nayo ni ya kuulizwa, maana wapo wanaoitumia kumaanisha hakuna na wapo wanaoitumia kumaanisha sikufika huko.

Neno “friji” linatoa mwanga. Oksitosini hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haikai rafuni na dawa nyingine. Jozi iliyohesabu rafu haikuwa na sababu ya kuiona. Karani anarudi kwenye rundo, na karibu na mwisho anakuta karatasi fupi ya friji iliyojazwa na jozi nyingine: oksitosini 390, maelezo “10 zimevunjika”. Upungufu umeshuka kutoka 400 hadi 10. Kabla ya kuanza kunakili chochote, basi, ni vema kupanga karatasi kwa mahali zilipohesabiwa na kuuliza kama kila mahali pana karatasi yake: rafu, friji, kabati la dawa zinazofungiwa, kona ya zilizokwisha muda, na ile korido ambako mzigo ulioshushwa jana bado umesimama. Bidhaa moja inaweza kuwa mahali patatu, na jumla yake ni ya mahali pote patatu.

Parasetamoli ina hila tofauti. Leja: kopo 58. Hesabu ya kwanza: “43” iliyokatwa kwa mstari mmoja, juu yake “58”, bila saini fupi ya aliyekata. Hesabu ya pili: “53”. Tofauti: sifuri. Maelezo: hakuna.

Karani mvivu atafurahi, maana tofauti ni sifuri na mstari umekwisha. Lakini karatasi hii ilichapishwa ikiwa na salio la leja pembeni ya nafasi ya kuhesabia, na mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni akiona 58 kushoto na 43 mkononi mwake, atajishuku yeye kabla ya kuishuku leja. Stoo zinazojali jambo hili huwapa wahesabuji karatasi zisizo na salio la leja, na salio hujazwa baadaye na mtu ambaye hakuhesabu. Hapa halikufanyika hivyo. Namba zote tatu, yaani 43 iliyokatwa, 58 na 53, zinaingia kwenye muhtasari jinsi zilivyo, na mstari unawekwa alama ya kuhesabiwa tena. Si kazi ya karani kuchagua mojawapo, wala kutafuta wastani. Nimewahi kuona muhtasari uliochukua wastani wa hesabu mbili. Ulileta namba ambayo hakuna binadamu aliyeiona rafuni.

Mpaka hapa tumeshughulika na namba. Sehemu iliyo ngumu zaidi ni safu ya maelezo.

Kwanza kuna suala la nani anasema. Mhesabuji anaweza kuandika “chupa 3 zina ufa” kwa sababu amezishika. Hawezi kuandika kwa uhakika huo huo “wodi ya uzazi walichukua usiku”, kwa sababu usiku huo hakuwapo, hilo ameambiwa. Kwenye muhtasari maelezo ya aina ya kwanza huitwa kilichoonekana, ya pili huitwa sababu iliyotolewa, na jina la cheo cha aliyeitoa huandikwa mbele yake. Maneno yenyewe hunukuliwa. Karani asigeuze “walichukua usiku” kuwa “matumizi bila kibali”, wala asigeuze “sijui, labda kuhesabu” kuwa “kosa la kumbukumbu”. Maneno ya kiofisi yanasikika nadhifu, lakini tayari yamekwisha kutoa hukumu ambayo msimamizi hajaitoa.

Pili, kila sababu hupimwa kwa maswali machache ambayo hayahitaji kumtuhumu mtu. Je, sababu inaelekea upande mmoja na tofauti? Je, kiasi kinatosha? Je, tarehe inakubali? Na je, leja haijaihesabu tayari?

Swali la upande ndilo rahisi kuliko yote, na mara nyingi linarukwa. Mzigo uliopokelewa bila kuingizwa kwenye leja unaweza kueleza ziada tu. Hauwezi hata siku moja kueleza upungufu. Vocha ya kutolea mali ambayo haijaingizwa inaweza kueleza upungufu tu. Ukikuta glavu zimepungua na maelezo yanasema “mzigo mpya haujaandikwa”, huna haja ya kutafuta hati. Sababu hiyo ingekuwa ya kweli, upungufu ungekuwa mkubwa zaidi ya ulioonekana.

Dripu ya Ringa inapita maswali yote. Leja: chupa 360. Hesabu: 480. Ziada: 120. Maelezo ya mtunza stoo: “mzigo mpya”. Karani anatoa faili la hati za kupokelea mali na kukuta hati ya tarehe 30 Juni ya chupa 120, na kwenye leja mzigo huo umeingizwa tarehe 1 Julai. Upande unakubali, kiasi ni kile kile, na mzigo ulifika kabla ya stoo kufungwa. Leja ilichelewa siku moja, basi. Mstari huu unakwenda kwa msimamizi ukiwa na namba ya hati pembeni, na hauhitaji neno la ziada.

Turudi kwenye glavu. Upungufu halisi ni boksi 24, na mtunza stoo anasema wodi ya uzazi walichukua usiku. Katika faili la vocha kuna moja ya tarehe 28 Juni, imesainiwa na muuguzi wa zamu, haijaingizwa kwenye leja. Upande unakubali na tarehe inakubali. Kiasi ni boksi 20.

Hapa pana kishawishi kikubwa. Sababu imetolewa, hati imepatikana, na boksi 4 ni nini kati ya 240? Karani anaweza kuandika “upungufu 24, wodi ya uzazi, vocha ipo” na kila neno likawa la kweli huku sentensi nzima ikiwa ya uongo. Njia ya haki ni kuugawa mstari: 24 zimepungua, 20 zina vocha, 4 zina maneno ya mtunza stoo peke yake. Msimamizi akisoma hivyo anajua hasa la kumuuliza muuguzi: usiku ule mlichukua zile 20 tu, au mlirudi tena?

Oksitosini inafundisha swali la nne. Ampuli 10 zimepungua, na maelezo yanasema 10 zimevunjika. Karani anafungua daftari la dawa zilizoharibika na kukuta, tarehe 14 Mei, ampuli 10 za oksitosini zilivunjika trei ilipoanguka, saini mbili zipo. Kila kitu kinaonekana kukaa sawa. Wengi wangeishia hapo. Lakini ukifungua leja utaona tarehe 16 Mei ampuli 10 zilitolewa kwa sababu hiyo hiyo. Salio la 400 limekwisha kubeba msiba wa Mei. Ampuli zile haziwezi kupungua mara ya pili, na kumi zinazokosekana sasa ni nyingine, ambazo hakuna hati inayozisemea.

Hati iliyokwisha kutumika ni ya hatari kuliko kutokuwa na hati, kwa sababu inampa msomaji utulivu. Si lazima mtunza stoo awe amedanganya. Huenda alikumbuka zile za Mei kwa moyo mweupe na asikumbuke kwamba leja ilisharekebishwa. Muhtasari hausemi amedanganya wala hausemi amekosea. Unasema hati iliyoonyeshwa ni ya tarehe 14 Mei na leja iliihesabu tarehe 16 Mei.

Zimebaki dawa mbili ambazo ukizisoma peke peke hazieleweki. Ni dawa ya mseto ya malaria, inayofungwa kwa dozi kulingana na uzito wa mgonjwa. Dozi ya mtoto mdogo kabisa ina vidonge 6. Ya mtoto mkubwa kidogo ina vidonge 12. Kisha kuna ya 18 na ya 24. Kidonge chenyewe ni kile kile, kinachotofautiana ni idadi. Kwenye karatasi, dozi za vidonge 6: leja 180, hesabu 116, upungufu 64, maelezo “zimetumika”. Dozi za vidonge 12, ukurasa unaofuata: leja 95, hesabu 127, ziada 32, maelezo hakuna.

Neno “zimetumika” halielezi kitu, kwani kila dawa iliyotoka stoo imetumika. Lakini tazama namba zenyewe: 64 ni mara mbili ya 32, na vidonge 6 mara mbili ni 12. Upungufu wa upande mmoja ni vidonge 384, na ziada ya upande wa pili ni vidonge 384 vile vile. Namba zinazokubaliana kiasi hicho zinastahili kufuatiliwa.

Karani anatoa kadi ya bini, ile kadi inayoning'inia kwenye rafu na kuandikwa papo hapo kila mzigo unapoingia au kutoka. Kadi ya dozi za vidonge 12 inasoma sifuri kuanzia tarehe 3 Juni hadi tarehe 11, siku mzigo mpya ulipofika. Hata hivyo kuna vocha ya tarehe 5 Juni iliyotoa dozi 32 za vidonge 12 kwenda famasi ya wagonjwa wa nje. Rafu ilikuwa tupu, zilitoka wapi? Kilichofanyika ni jambo la kawaida dawa zinapoisha: dozi mbili za vidonge 6 hutolewa badala ya moja ya vidonge 12, na mtoto anapata tiba yake kamili. Mwombaji aliandika alichokihitaji, mtunza stoo akatoa mbadala, na vocha ikabaki na jina la dawa iliyoombwa. Ilipoingizwa kwenye leja wiki iliyofuata, mzigo mpya ulikuwa umeshafika, kwa hiyo salio halikwenda chini ya sifuri na hakuna aliyeshtuka.

Swali linabaki, je, mistari hii miwili ifutane kwenye muhtasari? Nasema hapana, ingawa najua wahasibu wengi wangefanya hivyo ili ukurasa uwe mfupi. Vidonge vimelingana, lakini oda haitumwi kwa vidonge. Dozi za watoto wadogo zimepungua kweli, na matumizi ya dozi za 12 yamezidishwa kwenye leja. Ukifuta mistari yote miwili, oda ijayo italeta dozi za 12 kupita kiasi na watoto wadogo watakosa zao. Mistari inabaki miwili, kila mmoja na namba yake, ikiunganishwa kwa sentensi moja inayotaja vocha na kadi ya bini. Tena ichaguliwe lugha ya tahadhari: ubadilishaji unaendana na namba na tarehe, na famasi bado haijathibitisha.

Kufutana kwa namba kuna ubaya mwingine mkubwa kuliko huo, nao ni ule mstari wa jumla chini ya ukurasa. Safu ya tofauti ya bidhaa zetu sita, kama ilivyokuwa kwenye karatasi na ile nafasi tupu ikisomwa sifuri, inajumlika kuwa -525. Mia tano na ishirini na tano za nini? Boksi za glavu, ampuli, chupa na dozi za malaria haziwezi kujumlishwa. Kinachoweza kujumlishwa ni thamani ya fedha, na hata hapo upungufu ujumlishwe peke yake na ziada peke yake. Stoo yenye upungufu wa milioni moja na ziada ya milioni moja haiko salama sawasawa na stoo isiyo na tofauti.

Sasa muhtasari wenyewe. Kwa kila bidhaa msimamizi anahitaji salio la leja, kilichohesabiwa, tofauti iliyokokotolewa upya, sababu kwa maneno ya aliyeitoa, kiasi kilichothibitishwa na hati ipi, na kiasi kilichobaki wazi. Pembeni mwa kila mstari kuna namba ya ukurasa wa karatasi ya kuhesabia, ili akitilia shaka chochote aweze kuuona mwandiko wenyewe. Mstari wa glavu unasomeka hivi:

Glavu, boksi la 100. Leja 240, hesabu 216 (katoni 21 na boksi 6, karatasi iliandika 27). Upungufu 24. Mtunza stoo: “wodi ya uzazi walichukua usiku.” Vocha ya 28 Juni: boksi 20, haijaingizwa kwenye leja. Wazi: boksi 4. Ukurasa wa 3.

Mistari haipangwi kwa alfabeti. Iliyobaki wazi inakaa juu, na kati ya hiyo ile ya dawa nyeti au ya thamani kubwa ndiyo ya kwanza. Iliyothibitishwa yote, kama Ringa, inashuka chini. Zisizo na tofauti zinaweza kutajwa kwa idadi tu, isipokuwa zile ambazo mhesabuji ameziandikia neno. Dawa ambayo leja na rafu zinakubaliana, lakini sehemu yake imekwisha muda, ina tofauti sifuri na bado msimamizi anapaswa kuijua, maana salio hilo haliwezi kumpa mgonjwa.

Jambo moja karani haligusi, nalo ni leja. Hata ile ya Ringa ambayo iko wazi kama mchana, harekebishi kwa niaba ya mtu. Marekebisho yanahitaji idhini, na muhtasari ndio unaoombea idhini hiyo. Ukirekebisha leja kwanza, tofauti inatoweka na hakuna kinachobaki cha kuombea.

Imebaki parasetamoli na namba zake tatu. Kuhesabu tena kunafaa kufanyike kabla ya mlango kufunguliwa, kwa sababu kopo la kwanza likitoka, rafu haionyeshi tena hali ya tarehe 30. Mara nyingi haiwezekani. Wagonjwa hawasubiri karatasi. Ikibidi kuhesabu baadaye, hesabu hurudishwa nyuma: chukua kilichopo leo, ongeza kilichotoka tangu kufungwa, toa kilichoingia. Katika stoo yetu kurudia kulifanyika tarehe 3 Julai. Kopo 49 zilikuwa rafuni, vocha zilionyesha 4 zilizotoka tangu tarehe 1, na hakuna kilichopokelewa. Hiyo ni 53, ile ile ya mhesabuji wa pili. Ile 43 ilipata maelezo pia, kwani kopo 10 zilikuwa kwenye rafu ya juu nyuma ya pamba. Ile 58 haikupata maelezo yoyote, isipokuwa kwamba inafanana na leja. Mstari wa parasetamoli, uliokuja na tofauti sifuri, ulikwenda kwa msimamizi ukiwa na upungufu wa kopo 5, sababu haijatolewa.